Saji protekta au UPS ndogo kwa kompyuta ya mezani?

Hapa Arua umeme hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kazi ya saji protekta: ndani yake mna kidude kinachomeza volti zinazopanda ghafla juu sana ya 240 za kawaida. Kila pigo hukichosha, na taa yake ya kinga ikizimika, umebaki na ekstensheni tupu. Bila waya wa athi kinga hupungua sana. Tena haina la kufanya volti zikishuka au umeme ukikatika.

UPS ni kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika; ya VA 650 hubeba takriban wati 360 tu. Kompyuta yangu na skrini hula wati 150 hivi, kwa hiyo betri ya volti 12 hunipa kama dakika kumi: nahifadhi kazi, nazima. Nikichagua moja, nachukua UPS yenye AVR, yaani kirekebisha volti, kwa sababu hunyanyua volti zilizoshuka bila kumaliza betri. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri, itaizidi nguvu. Baada ya miaka mitatu hivi, ichomoe UPS ukutani kompyuta ikiwaka. Kompyuta ikizima papo hapo, betri imekufa.