Bima walinipa 100, barua ya ukurasa mmoja ikaleta 116, na bado nina hasira

Naandika hii nikiwa bado nimekasirika kwahiyo mnivumilie. Gari yangu iligongwa, sikuwa na kosa, asesa, yule mkaguzi wa bima, akaja yadi akaipiga picha nne tano hivi, baada ya siku kadhaa naambiwa haitengenezeki, ni hasara kamili, tutakulipa thamani yake. Sawa. Kisha wakataja hela. Sitaitaja kwa sarafu, chukulia tu walichonipa ni 100 ili muweze kufuata hesabu.

Nikampigia asesa kuuliza hiyo 100 imetoka wapi. Jamaa hata salamu hakumaliza kuitikia, akaniambia "Kaka, hiyo gari ungeiuza mwenyewe usingepata hata hii." Hiyo sentensi ilininyima usingizi. Ajali nilishaisahau, hiyo sentensi mpaka leo ninayo.

Barua yangu ya kwanza niliiandika usiku uleule na naikiri hapa kwa aibu, ilikuwa upuuzi mtupu. Kurasa tatu. Nikaandika gari imenihudumia miaka mingapi, nimebadilisha tairi zote majuzi, nimefanya giaboksi, bado nadaiwa mkopo wake, na nikaongeza kwamba kwa hiyo 100 siwezi kununua gari yoyote ya maana. Majibu yalikuwa mistari miwili, kwamba tathmini ni sahihi. Na unajua nini, kwa upande huo walikuwa sahihi wao! Mkataba wangu unasema watalipa bei ya soko ya gari ilivyokuwa muda mfupi kabla ya ajali. Mkopo haumo humo. Risiti za fundi nazo haziongezi thamani shilingi kwa shilingi, mnunuzi akikuta tairi mpya anafurahi tu, hakulipi bei ya tairi. (Kama mkataba wako mlikubaliana bei tangu mwanzo hii yote haikuhusu, utalipwa ile iliyoandikwa.)

Rafiki yangu mmoja anayeuza magari ndo akaniuliza, ripoti yao ya tathmini umeiona? Sikuwa nimeiona. Nikaiomba kwa maandishi, nikaandika naomba ripoti nzima pamoja na magari mliyolinganisha nayo. Wakazungusha zungusha mpaka wakaituma.

Jamani.

Kilomita waliandika 181,000. Gari yangu ilikuwa na 118,000! Mtu kageuza tarakimu, basi. Ushahidi ulikuwa palepale kwenye stika ya kubadilisha oili ambayo fundi alibandika pembeni ya mlango, na kwenye picha alizopiga asesa mwenyewe dashibodi inaonekana, ukiikuza unasoma namba. Yani kaipiga picha namba sahihi halafu kaandika nyingine.

Sasa hilo kosa moja likazaa mengine. Walikuwa wamelinganisha na magari matatu, moja linauzwa 104, la pili 110, la tatu 113. Lile la 110 limetembea 171,000, kwao linafanana kabisa na langu kwa sababu wanaamini langu lina 181,000. Lile la 104 ni manyuo yenye injini ndogo, langu ni otomatiki injini kubwa, na hilo wangelijua wangeangalia namba ya chasisi tu badala ya kuangalia jina la gari na mwaka. Wastani wa hayo matatu ni 109. Kisha kila moja wakalikata 9 kwa maelezo ya maneno mawili, "marekebisho ya hali". Ndo ikapatikana 100.

Hiyo 9 ndo iliyonichoma zaidi ya kilomita. Kilomita ni kosa la mkono, binadamu anakosea. Lakini hii 9 ni ileile kwa magari yote matatu, bila kujali hali, rangi wala muuzaji. Hali ya gari gani hiyo inayofanana hivyo? Yale matatu hakuna aliyeenda kuyaona, ni matangazo. Na langu asesa aliliona likiwa limekunjwa.

Barua ya pili ikawa ukurasa mmoja, sikuweka hata neno moja la hasira (niliandika moja nikalifuta). Nikaanza na kilomita na picha yao wenyewe. Halafu nikasema gari la manyuo liondolewe, si aina yangu. Halafu nikaweka magari yangu. Nilitafuta yenye mwaka uleule, injini ileile, otomatiki, kilomita zisipishane na zangu zaidi ya 20,000 hivi, yaliyotangazwa karibu na siku ya ajali, na nikayaruka yote yaliyowahi kugongwa yakajengwa upya maana hayo bei yake ni nyingine. Nikapata sita. Kila tangazo nikalipiga skrinshoti siku hiyohiyo tarehe ikionekana, maana matangazo yanafutwa, mawili yalitoweka ndani ya wiki.

Bei zilikuwa 118, 121, 122, 125, 126 na moja 139. Ile 139 nilitamani kuibakiza kwelikweli, lakini ilikuwa imetembea kidogo sana na imewekewa mapambo, rafiki yangu akaniambia ukiiweka hiyo wataishika hiyohiyo na kuitupa barua nzima. Nikaitoa, na nikaandika kwenye barua kwamba nimeitoa na kwa nini. Ile ya 118 nikaibakiza ingawa inaniumiza. Bei ya katikati kwenye hizo tano ni 122. Nikapunguza 3 mwenyewe kwa ajili ya kupatana, kwa sababu bei ya tangazo si bei ya kuuziana na wangenikata tu, bora nikate mimi kidogo na sababu. Nikadai 119. Mwisho nikauliza swali moja: hiyo 9 ya hali imetokana na ukaguzi gani, wa nani, lini.

Wakajibu na 107. Kilomita wamekiri, manyuo wameitoa, ila ile 9 bado ipo na swali langu wameliruka kama hawajaliona. Wakaambatanisha fomu ya kusaini kwamba nimeridhika na sitadai tena. Sikusaini. Ukisaini hiyo umemaliza, hata ukigundua kosa kesho. Kitu kilichonitia presha ni yadi, maana gari ikikaa pale gharama inahesabiwa kila siku, nikawaandikia waiondoe wao huku tunabishana, nakala ya barua nikabaki nayo.

Nikarudia lile swali peke yake, mistari mitatu. Safari hii akanipigia dada mwingine, mpole, akasema "Kaka pole sana, nimeangalia hakuna ukaguzi, tunaiondoa." 107 na 9, 116. Nikakubali. Ekses, ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, wakakata, hiyo ipo kwenye mkataba sina neno.

Kwahiyo niwape alama gani? Nilikuwa naandika nyota mbili kwa ajili ya yule dada. Halafu nikawaza, ningekuwa nimesaini siku ya kwanza ile 16 ingekuwa ya nani? Moja. Na asesa hajaniomba msamaha hadi leo.

Halafu jana nikampigia mwenye ile gari ya 121, bado hajauza, tukapatana kidogo tu akashuka 117. Nimekata simu nikabaki namtazama mke wangu.

Mimi nilikata 3, yeye kashusha 4.

Nyota moja na nusu.