TAHADHARI: ajenti wa viza Mwembe Tayari anakuvurugia nchi kwenye fomu halafu anakuuzia marekebisho

Jamani watu wa Mombasa, hasa nyinyi mlio na jamaa Gulf ama mnaojaza fomu za viza saa hizi, nisikizeni kidogo. Kuna jamaa maeneo ya Mwembe Tayari ajiita ajenti, ana kimeza ndani ya saiba ya watu, na mtego wake ni zile sehemu tatu za fomu zinazouliza nchi. Uraia, nchi unayoishi, nchi uliyozaliwa. Anazivuruga, fomu inagoma, kisha anakuuzia dawa ya ugonjwa aloleta mwenyewe.

Mwanzo bei yake ni poa sana, mia tano tu, na maneno matamu. Afungua akaunti kwa imeili yake na paswadi yake, wewe hupewi kitu isipokuwa "tulia bro nitakucheki". Siku mbili tatu zikipita akupigia, eti sistimu imekataa herufi za nchi yako, kuna ada ya kufungua faili, tuma kwa M-Pesa. Mwingine aambiwa elfu tatu, mwingine elfu tano, yaani anavyokupima kwa macho. Na skrinshoti akutumia ina maandishi mekundu kabisa, na ubaya ni kuwa ni ya ukweli, fomu imekataa kweli, kwa sababu yeye ndo alojaza vibaya! Wapo wanaomtetea eti hajui tu maskini. Mimi sikubali, asiyejua hakosei kila mara sehemu zile zile na bei ya kurekebisha akiwa nayo tayari mdomoni.

Nawapa kesi moja mwone. Kijana wa jirani zetu Majengo, babake na mamake wote ni watu wa hapa hapa Mombasa, wakenya, lakini babake alikuwa akifanya kazi Oman na kijana akazaliwa Maskati mwaka 2001. Akakulia Mombasa, pasi yake ni ya Kenya. Sasa hivi yuwafanya kazi Doha, ana kitambulisho cha ukaazi cha Qatar ambacho hakijaisha, na alikuja likizo tu. Akataka viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, amtembelee kakake Ujerumani. Ajenti wetu akamuuliza swali moja tu, "ulizaliwa wapi?", na "anwani yako ya hapa?", akamalizana naye. Uraia akaandika Oman, makaazi akaandika Kenya.

Hapo kaharibu viwili kati ya vitatu. Jibu la sawa ni hili, na mwone vile nchi tatu tofauti zaingia kwa mtu mmoja bila tatizo lolote: uraia KEN, anakoishi QAT, alikozaliwa OMN. Hakuna sheria inayosema zifanane. Watu wengi wakiona nchi tatu waingiwa na wasiwasi, waona kama wanadanganya, na wasiwasi huo ndo ajenti anaokula nao.

Tuanze na uraia maana hapo ndo anapopiga sana. Uraia haufuati hospitali uliyozaliwa, wafuata nchi ambayo wewe ni raia wake na ndo iliyokupa pasi. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 14 yasema wazi, mtu ni raia kwa kuzaliwa kama siku alozaliwa babake au mamake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Kwa hivyo kijana wa Maskati ni mkenya tangu siku ya kwanza. Kwenye fomu ya Schengen kuna pahali pameandikwa "Current nationality" na chini yake "Nationality at birth, if different", na hapa pa pili yeye anaacha wazi kwa sababu haujabadilika. Ajenti akaona neno "birth" akatia Oman tena. Pale pa kuzaliwa pako pekee, "Place of birth" ni mji, Muscat, na "Country of birth" ni nchi, Oman. Basi, Oman haina pahali pengine kwenye fomu ile.

Kuhakikisha uraia huhitaji ajenti wala saiba. Funua ukurasa wa picha wa pasi yako, angalia chini kabisa, kuna mistari miwili ya herufi na alama za < ambayo mashine ya airport husoma. Kila mstari una nafasi 44. Huu hapa mfano wa kubuni, si wa mtu:

```
P<KENMFANO<<MTU<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
AK00000000KEN0103141M3108228<<<<<<<<<<<<<<08
```

Mstari wa juu, KEN ile ni nchi iliyotoa pasi. Mstari wa chini, hesabu nafasi tisa za namba ya pasi, ya kumi ni tarakimu ya kuhakiki, halafu nafasi ya 11 mpaka ya 13 ndo uraia wako. Hizo herufi tatu ndo zinazotakiwa kwenye sehemu ya uraia, hata kama ungezaliwa mwezini. Kwa watu wengi juu na chini zafanana, lakini si lazima, mkimbizi mwenye hati ya kusafiria iliyotolewa na Kenya juu atakuwa na KEN na chini kitu chengine. Kwa hivyo usisome wa juu ukamaliza.

Sasa tafuta kwenye mistari hiyo pahali pa kuzaliwa. Hakuna. Pameandikwa juu kwenye maelezo ya kawaida, mashine ya mistari hii haipasomi. Na nchi unayoishi haipo kabisa, wala huko chini, kwa sababu makaazi hubadilika na pasi yakaa miaka 10. Kwa hivyo jamaa akikwambia "nimeskani pasi yako, sistimu imesoma unaishi nchi fulani" jua ni muongo, hakuna kitu kama hicho cha kusoma.

Makaazi ndo penye utata wa kweli, hapa nakubali hata mtu mzuri aweza kuteleza. Swali si umelala wapi leo, swali ni nchi gani imekuruhusu kisheria uishi huko. Kijana wetu yuko Majengo likizo lakini kazi na kitambulisho viko Doha, basi ni QAT. Fomu ya Schengen yauliza hili kivyake, kama unaishi nchi isiyokuwa ya uraia wako, ukisema ndio yataka namba ya kibali na tarehe ya kuisha. Angekuwa amekatisha mkataba, kibali kimefutwa, amerudi nyumbani moja kwa moja, hapo ni KEN na hajibu ndio. Dada zetu waliorudi kutoka Saudia hili lawahusu sana, iqama, yaani kibali cha ukaazi cha kule, ikiisha si makaazi hata kama kadi bado iko kwenye pochi.

Na usidhani ni kijisehemu kidogo. Kwa Schengen kwa kawaida unaomba kwenye ubalozi unaohudumia pale unapoishi kihalali, kwa hivyo faili la huyu kijana lilitakiwa liende upande wa Doha. Aweza kuomba akiwa Kenya lakini atoe sababu inayokubalika kwa nini hakuomba kule. Ajenti kwa kuandika Kenya alilituma kimya kimya njia isiyo yake bila sababu yoyote, na barua ya kazi na benki stetimenti zote za Doha! Yeyote atakayefungua faili lile atauliza kwa nini mtu wa Mombasa ana mshahara wa Qatar. Na ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, ukikataliwa hairudi.

Kwenye uraia hata mashine tu yatosha kukuumbua. Viza ikitoka na OMN na pasi ikasoma KEN, kaunta ya ndege waweza kukataa kukupandisha, na hapo usimlaumu msichana wa kaunta.

Kuna ujanja wake mwengine wa herufi zenyewe. Akuonyesha "makosa" ambayo si makosa ili ulipe. Mama mmoja wa Kisauni aliambiwa fomu yake imeandikwa SAU badala ya KSA kwa hivyo ni batili, akalipa. Mama wa watu alikuwa sawa, kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166 Saudia ni SA kwa herufi mbili na SAU kwa tatu, KSA ni mazoea ya watu na ya Olimpiki. Falme za Kiarabu ni AE na ARE, si UAE. Oman ni OM na OMN, ile OMA mwaiona kwenye Olimpiki, orodha nyengine hiyo. Tanzania TZ na TZA, TAN ni ya Olimpiki pia. Na hii SA tafadhali iangalieni sana kwa sababu wengi huchagua wakidhani ni Afrika Kusini, Afrika Kusini ni ZA na ZAF. Pasi ya Ujerumani yaandika D peke yake na fomu nyingi zataka DEU, huyo kakake kijana kama ana pasi ya kule msishtuke.

Ukitaka kumjua mapema, muulize swali moja: "nifungulie akaunti kwa imeili yangu, paswadi niandike mimi." Akikataa inuka uondoke. Na kabla ya kutuma fomu yoyote, mwambie afungue ule ukurasa wa mwisho unaoonyesha majibu yote, usome hizo nchi tatu wewe mwenyewe na pasi ikiwa mkononi. Kabla fomu haijatumwa kubadilisha nchi ni kubonyeza tu, hakuna ada duniani ya kubonyeza. Ikishatumwa, kama kuna malipo ya kuanza upya basi yalipwa kwa ofisi ya viza yenyewe na risiti yao, si kwa namba ya mtu.

Walio na fomu kwake saa hizi, msilipe hio ya pili. Nendeni mkadai imeili na paswadi mbele ya mwenye saiba, yeye hapendi vurugu kwenye biashara yake. Ikiwa haijatumwa, rekebisheni nchi hapo hapo kisha mbadilishe imeili na paswadi ziwe zenu. Ikiwa imeshatumwa, waandikieni ofisi ya viza wenyewe kwa imeili yenu, mtaje namba ya maombi, sehemu iliyokosewa, kilichoandikwa na kinachotakiwa, na picha ya ukurasa wa pasi. Kijana wa Majengo alifanya hivyo, akaondoa yale maombi, na ataomba upya akirudi Doha.