Kufilisika kwa mtu na kufilisiwa kwa kampuni: nani analipwa kwanza?

Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ndiyo inayotumika. Kushindwa kulipa madeni ni hali tu: deni limeiva na pesa hazipo. Mtu binafsi akitangazwa muflisi na mahakama, mali yake husimamiwa na mdhamini, naye kwa kawaida huondolewa katika ufilisi baada ya miaka 3. Kampuni ikifilisiwa, mali yake huuzwa, kisha kampuni yenyewe inafutwa kabisa. Foleni ya wadai, hata hivyo, karibu ni ileile.

Tuchukue kiwanda cha mikate. Tanuri lililowekwa rehani linauzwa milioni 3, nayo benki inadai milioni 4. Benki inachukua zote; milioni 1 iliyobaki inaingia mkiani. Mali nyingine inaleta milioni 2. Gharama na ujira wa mfilisi, 400,000, hutoka kwanza. Wafanyakazi 6 wanadai 250,000 kila mmoja, mshahara wa miezi 3. Sheria inawapa kipaumbele kwa miezi 4 ya mwisho, lakini kikomo ni 200,000 kwa mtu, hivyo 1,200,000. Kodi ya mishahara iliyokatwa bila kupelekwa, 300,000, inafuata.

Zimebaki 100,000. Mkiani kuna benki (milioni 1), wafanyakazi (300,000) na muuza unga (700,000): kila shilingi inalipwa senti 5. Muuza unga anapata 35,000. Naona hilo ni chungu mno kwa aliyekopesha bila dhamana; wenye hisa hawapati kitu.