Konti ya franga ililala, fre hazikulala: uzoefu wangu na benki yangu hapa Lubumbashi

Benki yenyewe siitaji jina, maana bado wameshika akiba yangu. Lakini walivyonila mwaka huu nitaeleza, na yule dada wa gishe alivyonijibu nitaeleza pia. Hata sasa ninapoandika bado hasira haijashuka.

Nauza daftari, kalamu na karatasi za fotokopi upande wa soko la Kenya. Kila mwisho wa mwaka nafunga duka nusu siku, nahesabu mali iliyobaki. Mara hii nilisema benki nayo ihesabiwe. Nina konti tatu mule: ya dola, ambamo wateja wakubwa wananilipa, ya franga, niliyofungua kwa ajili ya shule moja iliyokuwa inalipa kwa franga, na ya akiba. Shule ile tuliachana nayo mwanzoni mwa mwaka. Konti ya franga ikabaki na 41,000 ndani, nami nikasema zikae, siku moja zitanifaa.

Nikaenda kuomba releve ya miezi kumi na miwili. Dada wa gishe hakuinua hata macho. Akasema releve ya mwezi unaoisha haina malipo, ila za zamani zinalipiwa dola moja kila ukurasa, na TVA juu yake. Nikauliza: kwa hiyo nalipa fre ili nijue fre mlizonikata? Akanyosha kidole ukutani, kwenye karatasi ya tarifu iliyobandikwa nyuma ya mashine ya maji baridi, maandishi madogo kama dawa ya hospitali. "Mama, vyote vimeandikwa pale. Kama vinakuumiza, weka makuta yako chini ya matela." Kisha akamgeukia mwenzake: "Huyu mama wa soko anataka kutufundisha hesabu."

Haya. Mama wa soko amelipa kurasa zake, amekwenda nyumbani, ameketi na biki nyekundu.

Kwa yeyote atakayetaka kufanya hivyo: usisome releve kama barua, kutoka juu hadi chini. Utachoka kabla ya mwezi wa tatu. Pitia safu ya makato peke yake, na kila mstari ambao si wewe uliyeutuma au kuuchukua, upige alama nyekundu. Jihadhari na TVA. Hapa kwetu ni asilimia 16, na kwenye releve yangu kila mara imeandikwa mstari wake, chini ya fre iliyoizaa. Ukihesabu fre bila mtoto wake, jumla yako itakuwa pungufu. Mwishoni fanya mtihani huu: salio la kwanza la mwaka, ongeza yote yaliyoingia, toa uliyochukua mwenyewe, toa nyekundu zote. Lazima upate salio la mwisho, hadi senti. Usipolipata, kuna mstari umekuruka. Mimi hesabu ya dola ilinikataa mara ya kwanza kwa sababu ya mstari mmoja wa karte uliojificha katikati ya malipo ya wateja.

Nikafika kwenye ile ya franga. Hapo ndipo nilipoita mume wangu aje aone.

Kila mwezi kulikuwa na COM TENUE CPTE, franga 6,000, yaani malipo ya kushika konti, na TVA 960 chini yake. Jumla 6,960. Hiyo nakubali niliweka sahihi. Miezi mitano ikapita, zikaondoka 34,800, zikabaki 6,200. Mwezi wa sita ukafika na 6,960 zake. Konti ikashuka chini ya sifuri kwa franga 760. Mia saba sitini! Hata mkate hununui.

Mtu wa kawaida angefikiri benki itasimama pale. Hakuna makuta, utakata nini? Wao hawakusimama. Mwezi ule ule ukazaliwa mstari mpya: komisioni ya dekuveri. Hiyo ni ya mtu anayechukua makuta kuliko aliyonayo, kama vile benki imenikopesha. Komisioni hiyo ina kiwango cha chini, franga 2,500, hata deni liwe la franga moja. Pamoja na TVA, 2,900. Kwa hiyo deni la 760, ambalo walilitengeneza wenyewe kwa kukata fre yao, lilinigharimu karibu mara nne yake kwa mwezi mmoja. Kuanzia hapo kila mwezi ulikuja na vyote viwili, 6,960 na 2,900. Pembeni kulikuwa na INT DEB, riba ya deni, franga chache tu, hiyo naiacha.

Piga hesabu hadi mwisho wa mwaka: konti iko chini kwa 62,820. Ongeza zile 41,000 nilizoziacha zipumzike. Franga 103,820 zimeliwa na konti ambayo hakuna aliyeingiza kitu wala kutoa kitu.

Na bado. Mwezi wa kumi na mbili walichota lile deni kwenye konti yangu ya dola, bila simu, bila barua. Mkataba unawaruhusu kuunganisha konti za mtu mmoja, nimeusoma, kipo kifungu. Lakini walihesabu dola kwa 2,200, na siku zile kambisti wa barabarani alikuwa ananipa 2,300. Dola 28 na nusu badala ya 27 na kitu. Dola moja si kitu, mtasema. Basi mnipe mimi hiyo dola.

Swali la wote ni hili: mbona hukuona mapema, na unalipia SMS kila mwezi? Naam, nalipia. SMS zangu zimefungwa kwenye konti ya dola peke yake, na hata huko zinakuja makuta yakiingia au nikichukua mimi. Fre wakikata wao, simu inalala. Nilipitia ujumbe wote wa mwaka kwenye simu. Hakuna hata mmoja wa fre.

Nikarudi. Yule dada aliponiona akaanza kupanga karatasi. Safari hii sikusimama kwake, niliomba jeran. Akaja kijana mpole, akaniita mama, akanipa kiti. Nikamwonyesha swali moja tu, maana ukienda na maswali kumi wanachagua la kukujibu: karatasi ya dekuveri niliyosaini mimi iko wapi? Ya kushika konti nimesaini, hii ya kukopa iko wapi? Akatafuta kwenye mashine, akatafuta kwenye dosie. Haikuwepo. Akasema sistemu inaikata yenyewe konti ikishuka. Nikamwambia sistemu haikuweka sahihi, na mimi sikuweka.

Hapa lazima niwe mwaminifu: alirudisha. Si yote. Alirudisha komisioni za miezi mitatu, franga 8,700 pamoja na TVA yake, akasema za nyuma zaidi ya hapo lazima zipite Kinshasa. Kwa siku mbili nilikuwa nasema benki hii ina watu. Nilimsifu yule kijana hadi kwa majirani. Halafu nikakaa nikafikiri: wamenirudishia 8,700 kati ya 20,300 za dekuveri, nami nimewashukuru kama wamenipa zawadi ya Noeli. Ndiyo kazi yao hiyo, kukufanya ushukuru.

Kufunga konti nako ni hadithi. Mdomo hautoshi. Wanataka barua, na konti iwe sifuri kamili, maana konti yenye deni haifungwi. Kwa hiyo kama wasingechota dola zangu, nisingeweza hata kufunga. Peleka barua nakala mbili, moja waipige kashe na tarehe uondoke nayo, kwa sababu fre ya kushika konti inaendelea mpaka siku wanayosema wamepokea. Rafiki yangu wa Katuba alifunga kwa mdomo. Baada ya miezi kadhaa akaitwa kuhusu deni. Karatasi ya kashe hakuwa nayo.

Ile ya dola haina fitina, lakini hailali njaa. Kushika konti dola 4, SMS dola 1, kila mwezi, na karte dola 18 kwa mwaka. Ukiweka TVA ni 90.48. Hizo zinaondoka hata usipoigusa. Kilichonishangaza ni kuchukua makuta gishe: chini ya dola 500 unalipa dola 2 na TVA kila mara, na mimi nilikuwa nachukua kidogo kidogo nikidhani najibana. Mwaka mzima 37.12. Kwenye mashine yao, kwa karte ile ile ninayoilipia, kuchukua ni bure. Lakini mashine siku nyingine inatoa noti za mia peke yake, au haina kitu, na unarudishwa kwa yule yule dada.

Jumlisha na ile ya franga, na kurasa za releve, ni kama dola 200 kwa mwaka. Kwa duka la daftari hizo ni katoni nzima za karatasi.

Mama mkwe anasema nitoe yote nipeleke kwenye likelemba, huko hakuna TVA. Ni kweli, lakini likelemba hailipwi na shule kwa virma, na wateja wangu wakubwa hawawezi kunipa bahasha. Simu nayo, ukitoa wanakata. Halafu kuna ile konti ya akiba. Niliikagua kwa biki nyekundu kama nyingine na sikupata mstari hata mmoja. Haikukatwa kitu, na iliniletea riba ya dola 9. Benki ile ile! Hapo ndipo ninachanganyikiwa, maana nilikuwa nimeshaandika kichwani kwamba wote ni wezi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Akiba, nne. Jeran, tatu. Konti ya dola, mbili, kwa shingo upande. Ya franga ningewapa sifuri, ila imeshafungwa, na karatasi yenye kashe ninayo dukani. Dada wa gishe… nilikuwa nimpe moja kwa sababu ya Noeli. Juzi nimepita kuomba releve ya mwezi huu, ile isiyo na malipo. Akaniambia printa haina wino, nirudi mwezi ujao. Mwezi ujao itakuwa ya zamani.