Fremu, muhuri wa mbao au seti ya fulana? Cha kununua kwa kuchapa pamba ya rangi mbili Zanzibar

Anayetaka kuchapa kitambaa chenye nakshi inayojirudia huanza kwa kuuliza wino gani anunue. Sisi tunamwambia wino usubiri. Kitambaa cha rangi mbili huharibika kwa mambo mawili: rangi ya pili haikukutana na ya kwanza, au rangi hazikuiva, zikatoka kwenye maji ya kwanza. Pesa nyingi basi iende kwenye kifaa kinachoshika mahali pake, na inayobaki kwenye joto.

Tuchukue kazi moja ili vipimo vieleweke. Ni kitambaa cha mto wa baraza, urefu mita 3, upana wa nakshi sentimita 40. Nakshi ni kitawi cha mkarafuu: majani ya kijani, vikonyo vyekundu. Inajirudia kila sentimita 30, kwa hiyo ni michapo 10 ya kijani na 10 ya nyekundu.

Chaguo la kwanza: fremu mbili za alumini, wavu wa 43T

Nambari 43T maana yake nyuzi 43 kwa kila sentimita moja ya wavu. Kwa wino wa maji juu ya bafta au pamba nyengine ya kawaida, wavu huu unapitisha wino wa kutosha kujaza jani zima bila kuacha vitundu. Nakshi yenye mistari myembamba ya unywele inataka 55T. Zaidi ya hapo wino wa maji hukaukia ndani ya wavu, hasa siku za kaskazi upepo ukiwa mkavu, na wavu ukishaziba katikati ya kazi huna la kufanya ila kuosha na kuanza tena.

Kwa kazi yetu, ndani ya fremu pawe sentimita 60 kwa 45. Nakshi ya 40 kwa 30 itabakiza sentimita 10 juu na 10 chini, na hapo ndipo wino unapokaa kabla na baada ya kuvutwa. Wengi hununua fremu iliyobana nakshi ili kuokoa pesa, kisha pembe zote zinatoka hafifu kwa sababu wavu karibu na ukingo ni mgumu, haugusi kitambaa sawasawa. Skwiji, yaani ule mpira wa kuvutia wino, uwe na upana wa sentimita 34 hivi, ugumu wa 65 hadi 70 kwa kipimo cha Shore A.

Nunua mbili, moja kwa kila rangi, za kipimo kimoja na kutoka fungu moja. Dukani ziweke juu ya kigae au kioo na ubonye pembe moja moja, inayotikisika irudishe. Pima kutoka pembe hadi pembe kimshazari, pande zote mbili: vipimo visipolingana, fremu imekwenda upande. Halafu gonga wavu kwa kidole. Ukilia kama kigoma umekazwa. Ukitoa sauti ya nguo iliyoanikwa, uache. Wavu uliolegea hufuata skwiji inapovutwa, na nakshi yote husogea upande ule. Mtu atalaumu vipimo vyake mchana kutwa, kumbe ni wavu.

La pili: fremu za mbao za seremala

Ni rahisi zaidi, na seremala yeyote wa Chake Chake au Mwanakwerekwe anaweza kuziunga. Kwa nakshi ya rangi moja zinatosha kabisa. Tatizo ni masika. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, na hazivimbi sawasawa pande zote. Fremu iliyochapa kijani vizuri mwezi wa pili inaweza kupinda milimita 2 mwezi wa nne, na milimita 2 zinatosha kikonyo chekundu kukaa nje ya kitawi chake. Ukizichukua, taka mbao iliyokauka kweli, pembe ziungwe kwa ulimi na gundi isiyoogopa maji, si misumari mitupu, kisha zipakwe vanishi mara tatu pamoja na ndani ya maungio. Wavu uliopigwa pini hulegea mapema kuliko uliogundishwa, kwa hiyo ugonge kila mara kabla ya kazi.

La tatu: muhuri wa mbao uliochongwa

Tumeuweka wa tatu kwa kazi hii tu. Kwa pindo, au ua dogo la rangi moja, tungeuweka wa kwanza: hautaki dawa ya mwanga inayoziba wavu pasipo na nakshi, chumba cha giza wala umeme, na Zanzibar ina wachongaji wa nakshi za milango wenye mkono wa kutosha. Mwambie achonge kina cha milimita 5 hadi 8, asipite sentimita 15 kwa 15, na muhuri utobolewe vitundu vya kutolea hewa, la sivyo katikati ya ua pengine patakosa wino. Urowekwe kwenye mafuta kwa siku kadhaa kabla ya kutumika ili usipasuke.

Kukutanisha kunategemea misumari miembamba ya shaba kwenye pembe za muhuri. Kila mchapo huacha vidoa vidogo, na mchapo unaofuata unawekwa kidoa juu ya kidoa. Mkono uliozoea unafanya hivyo haraka, ila eneo letu la sentimita 40 kwa 300 linataka michapo midogo mingi sana, na kila mmoja ni nafasi mpya ya kukosea.

La mwisho: seti ya fulana yenye bawaba

Ndiyo inayouzwa zaidi, na kwa kitambaa kirefu ndiyo tusiyoishauri. Fremu imefungwa mahali pamoja na kinachosogea ni nguo. Kwa fulana ni sawa. Kitambaa cha mita 3 kikisogezwa mara 10 hunyooka na kuvutika tofauti kila mara, wala hakuna kituo cha kukizuia.

Reli ndiyo inayokutanisha rangi

Ukishapata fremu, meza unatengeneza mwenyewe: plaiwudi nene, blanketi moja juu yake, na turubai iliyokazwa. Ukingoni funga anglebaa ya chuma iliyonyooka. Juu ya reli hiyo weka vituo, yaani vipande vya chuma vinavyokazwa kwa bolti, kila sentimita 30. Kila fremu ipewe skrubu mbili zinazoegemea reli na bolti moja ya pembeni inayogusa kituo.

Vituo vipimwe vyote kutoka sifuri moja kwa tepu iliyolazwa: 30, 60, 90, mpaka 270. Anayepima kutoka kituo kimoja kwenda kingine akakosea milimita 1 kila mara upande mmoja, kituo cha kumi kitakuwa kimehama milimita 9. Hata hivyo kosa la kituo halitenganishi rangi, kwa kuwa kijani na nyekundu zinatumia kituo kile kile. Kinachotenganisha rangi ni tofauti baina ya fremu mbili. Kwa hiyo chapa kijani kwenye karatasi katika kituo kimoja, weka fremu ya nyekundu hapo hapo, uchape, na uzungushe skrubu zake mpaka alama za msalaba ulizochora kando ya nakshi kwenye fremu zote mbili zipandane. Kaza nati, usiziguse tena.

Nyekundu ichorwe iingie juu ya kijani kwa kiasi cha milimita 1. Ukitaka rangi zikutane ukingo kwa ukingo, utaona mstari mweupe wa kitambaa kwenye kila kosa dogo.

Chapa vituo vya 1, 3, 5, 7 na 9 kwanza. Fremu ina upana kuliko nafasi ya mchapo, hivyo ukifuatisha 1, 2, 3 mgongo wake utakaa juu ya wino mbichi. Vikikauka, rudi 2, 4, 6, 8 na 10. Kitambaa kibaki kimegandishwa mezani kwa gundi nyepesi mpaka rangi ya pili imalizike, na kukausha kati ya rangi kuwe kwa feni tu. Ukipiga pasi hapo katikati pamba itasinyaa, na nyekundu haitapata tena mahali pake.

Kwa sababu hiyo hiyo kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatwa. Nunua mita 3.2 ili upate 3. Kufua pia kunatoa wanga wa kiwandani. Dondosha tone la maji: likinywewa papo hapo kitambaa ki tayari, likikaa juu kama lulu kifue tena.

Joto: ununue nini

Wino wa maji una gundi inayoshika rangi kwenye uzi, na gundi hiyo huiva kwa joto. Kwa nyingi ni nyuzi 150 hadi 160 za selsiasi kwa dakika chache. Kopo lako ndilo litakalokupa kipimo chake. Jua la Zanzibar, hata la mchana wa Januari, linakausha maji tu. Maji yakiwemo ndani, kitambaa hakipandi zaidi ya nyuzi 100, hivyo kiache usiku kucha kikauke kabla ya kukipa joto.

Ya kwanza kwetu ni hiti presi ya sentimita 40 kwa 60. Kitambaa chetu kinaisha kwa mikandamizo 6 ukihesabu mipishano kidogo. Funga nusu dakika, fungua mvuke utoke, funga tena mpaka muda wa kopo utimie. Kabla ya kulipa, iwashwe dukani mpaka ifike 160, na upime pembe nne na katikati kwa kipimajoto. Sahani iliyopoa pembeni itaivisha ua la kati na kuacha la pembe, na hutajua mpaka nguo ifuliwe.

Pasi ni ya pili. Inafika joto linalotakiwa, lakini uso wake ni kama sentimita 200 za mraba na kitambaa chetu ni 12,000. Hayo ni maeneo 60. Ukiyapa dakika 3 kila moja ni saa 3 za kusimama. Kwa leso na vitambaa vya meza inafaa, bila mvuke na kwa karatasi ya kuokea juu ya nakshi. Bunduki ya hewa ya moto tunaiweka mwisho kabisa: inaunguza hapa na kuacha pale.

Kabla ya kutoa kazi, sugua nakshi kwa kitambaa cheupe chenye maji na sabuni. Kikipata rangi kama unga, joto halikutosha, rudisha kwenye presi. Rangi ikibanduka vipande vipande na pamba chini yake ikabaki nyeupe, wino haukuingia kwenye uzi tangu mwanzo. Huo ni wanga, na presi haitausaidia.