Lahajedwali la hesabu za jikoni: lipi uchukue, lipi uache

Mgahawa mdogo wa wali, nyama, maharage na samaki, unaonunua sokoni kila asubuhi, hauhitaji programu ya bei kubwa ili kujua chakula kinakula kiasi gani cha mauzo. Swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni nani atakayeandika na atakuwa wapi. Mnunuzi anashika simu sokoni, mpishi yuko jikoni, na mwenye mali mara nyingi hayupo hapo. Mpangilio wangu unafuata hilo.

Kwanza tuone faili lenyewe linabeba nini, kwa sababu ni lilelile katika programu zote. Shiti ya kwanza iite Manunuzi. Safu zake kuanzia A hadi F ni tarehe, bidhaa, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla. Kila ununuzi una mstari wake, hata kama ni vitunguu vya elfu mbili. Shiti ya pili iite Siku, ambamo kila siku ina mstari mmoja: tarehe (A), stoo ya asubuhi (B), manunuzi (C), stoo ya usiku (D), matumizi (E), mauzo (F) na asilimia (G). Stoo ya asubuhi ya siku ya kwanza unaihesabu mwenyewe. Kuanzia siku ya pili inajileta kutoka hesabu ya usiku uliopita.

```
Manunuzi F2:  =D2*E2
Siku C2:      =SUMIFS(Manunuzi!F:F,Manunuzi!A:A,A2)
Siku E2:      =B2+C2-D2
Siku G2:      =IF(F2=0,"",E2/F2)
Siku B3:      =D2
```

Safu ya G ipe muundo wa asilimia, kisha vuta fomula hizo kwenda chini.

Chukua siku moja kwa shilingi za Tanzania. Asubuhi stoo ina mali ya 185,000, yaani mchele, mafuta, unga na nyama iliyo kwenye friza. Sokoni mnunuzi ametumia 240,000. Usiku kilichobaki kina thamani ya 131,000. Matumizi ni 185,000 + 240,000 − 131,000, sawa na 294,000. Mauzo yalikuwa 840,000, hivyo gharama ya chakula ni asilimia 35. Anayegawanya manunuzi peke yake kwa mauzo angepata karibu asilimia 29 na kulala akiwa na furaha isiyo na msingi, kwa maana mchele wa juzi aliopika leo hakuuhesabu. Ndiyo sababu faili lolote lisilo na safu ya stoo ya usiku silipendekezi, hata kama linatolewa bure.

Sasa nafasi zenyewe.

Ya kwanza ni Google Sheets. Ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, na watu kadhaa wanaweza kuandika katika faili moja kwa wakati mmoja. Mnunuzi anajaza bei akiwa bado mbele ya muuzaji, nawe unaona mstari ukiingia. Unaweza kufunga safu zenye fomula ili kidole kisizifute, na historia ya mabadiliko inakuonyesha nani alibadilisha bei saa ngapi. Kwa pesa inayopita mikononi mwa watu watatu, hilo lina thamani kuliko mapambo yote. Kasoro yake ni mtandao. Bando likiisha sokoni, faili halifunguki ipasavyo isipokuwa uliliwekea mapema alama ya `Make available offline` kwenye simu. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, kisha zima data ujaribu kuandika kabla ya kuliamini.

Ya pili ni LibreOffice Calc, pale ambapo kuna kompyuta moja kaunta na mtu mmoja tu anayeandika. Ni bure kabisa, haidai mtandao, na fomula zote hapo juu zinafanya kazi, ingawa kwa kawaida jina la shiti hufuatwa na nukta badala ya alama ya mshangao, yaani `Manunuzi.F:F`, na kutegemea mpangilio wa kompyuta huenda ukalazimika kuweka nukta-mkato badala ya koma. Mnunuzi atarudi na risiti na karatasi ya bei, nawe utaandika jioni. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu vitu vya sokoni mara nyingi havina risiti. Nakili faili kwenye flashi kila unapofunga hesabu.

Excel ya kulipia naiweka ya tatu. Si mbaya hata kidogo, ila kwa kazi hii unalipia mambo ambayo hutayagusa. Kama mhasibu wako anaitumia, au kompyuta inayo tayari, itumie. Kama huna, jua kwamba Excel ya kwenye kivinjari ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, nayo inatosha.

Ya mwisho ni mafaili yaliyotengenezwa tayari yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ukitaka kununua, omba kwanza kuona fomula ya matumizi. Ikiwa imefungwa kwa nywila, au inajumlisha manunuzi tu, bakiza hela yako.

Programu yoyote utakayochukua, kuna makosa yanayojirudia. La kwanza ni tarehe. Google Sheets ikiwa katika mpangilio wa Marekani, 5/3 inasomwa kuwa Mei 3, na 13/3/2025 inabaki maandishi. Safu ya C inaweza kutoa sifuri wakati unajua mlinunua. Ingia `File`, kisha `Settings`, ubadilishe `Locale` iwe `United Kingdom`, ambako siku hutangulia mwezi. La pili ni mazoea yetu ya kuandika 4,500/=. Alama hiyo inageuza namba kuwa maandishi na jumla inakataa kutoka. Utaitambua kwa jicho: namba hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto.

La tatu ni hesabu ya wiki. Tuseme siku iliyofuata matumizi yalikuwa 180,000 na mauzo 400,000, yaani asilimia 45. Ukichukua wastani wa 35 na 45 unapata 40. Jumlisha matumizi, 474,000, ugawe kwa jumla ya mauzo, 1,240,000, unapata karibu 38. Hiyo ya pili ndiyo kweli, kwa kuwa siku yenye mauzo makubwa ina uzito zaidi.

Mkaa na gesi visiingie humu. Viwekee shiti yake. Chakula cha wafanyakazi andika thamani yake katika safu ya H ya shiti ya Siku, na fomula ya E2 iwe `=B2+C2-D2-H2`, la sivyo asilimia itapanda ukaanza kumshuku mpishi bure.

Hela uliyookoa kwenye programu, nunua mizani ya kidijiti. Sado ya nyanya ya leo si sado ya wiki ijayo. Muuzaji mmoja hujaza kwa kilima, mwingine husawazisha. Pima kila kinachoingia, andika kilo katika safu ya kiasi, na bei ya kilo igawanye mwenyewe. Sado ya 8,000 yenye kilo 4 ni 2,000 kwa kilo, na ile ya 7,500 yenye kilo 3 ni 2,500. Ya bei ndogo ndiyo ghali. Usiku pia mchele uliobaki upimwe kwa mizani hiyohiyo, kisha zidisha kilo kwa bei ya ununuzi wa mwisho ndipo uandike stoo.