Blichi kwenye nywele za kujikunja: nyuma imenifaa, mbele imelegea

Saluni ni ya hapa Nairobi mjini, nywele zangu ni nyeusi, hazina relaksa, na mikunjo yake ni ya unene wa kalamu. Rangi ya shaba niliyopakwa naipa nne kwa tano. Mikunjo ya mbele naipa moja.

Kazi ilifanywa kwa njia mbili kichwa kimoja. Nyuma, gramu 30 za unga wa blichi zilichanganywa na mililita 60 za developa namba 20, yaani peroksaidi ya asilimia 6, bila joto, na zikaoshwa zilipofika rangi ya chungwa. Mbele nilitaka dhahabu. Msusi akachukua namba 40, ambayo ni asilimia 12, akafunga foili na kuniweka chini ya draya. Dhahabu ilipatikana, lakini zikilowa, nywele za mbele zinaning'inia kama uzi wa sufu uliofumuliwa, na zimezidi zile za nyuma kwa vidole viwili.

Sababu ni hii. Blichi huinua magamba ya unywele ili peroksaidi iingie ndani kuvunja weusi. Ikiwa humo, haichagui: huvunja pia viungo vya salfa vinavyoshikilia umbo la mkunjo. Relaksa nayo huvishambulia viungo hivyo hivyo, kwa njia yake. Nywele nyeusi hupita kwenye wekundu, chungwa, kisha njano, na kila hatua ina gharama yake. Shaba hukaa vizuri juu ya chungwa, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Dhahabu inadai njano, na hapo ndipo mikunjo hulipa.

Kabla ya kichwa kizima, jaribu kishungi kimoja nyuma ya sikio. Kikague kila dakika 10, kisha kioshe na ukivute taratibu kikiwa kimelowa. Kikirudi kama mpira, endelea. Kikibaki kimerefuka kama bigijii iliyotafunwa, acha. Na kama mwisho wa nywele bado una relaksa ya zamani, hapo usiguse kabisa, zitakatika.

Mwambie msusi aanze vidole viwili kutoka kwenye ngozi, mizizi iwe ya mwisho, kwa sababu joto la kichwa huiharakisha. Ukirudi kugusia mizizi, blichi isipande juu ya sehemu iliyokwisha kuchomwa. Wengi hupuuza hili, halafu lawama wanaitupia pakiti ya River Road.

Niliuziwa pia dawa ya kuunganisha viungo. Imezilainisha na hazikatiki sana kwenye kitana, ila mkunjo haukurudi. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na za mbele ni sentimita 18, kwa hiyo nazipunguza kidogo kila baada ya miezi miwili.